Kabla Hujampika Mama: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kunyambulisha Kitenzi

Mwanafunzi wangu mmoja, mgeni aliyekuwa na miezi minne tu katika Kiswahili, aliniandikia ujumbe: "Mwalimu, leo nimempika mama." Nikamjibu: "Poleni sana kwa msiba." Hakuelewa. Baada ya dakika kumi akajisahihisha: "Samahani, nimepika chakula kwa mama." Hapo mama alikuwa amefufuka, lakini hatukujua kama alikula, maana sentensi ile inasema tu kwamba chakula kilipikwa nyumbani kwake. Mara ya tatu ndipo alipofika: "Nimempikia mama chakula."

Sentensi hizo tatu zinaonyesha kwa nini wageni wengi huhangaika na mnyambuliko. Wanafundishwa viambishi kwanza, yaani -ia, -isha, -ana, wanavikariri kama wimbo, kisha wanavibandika. Mimi huwaambia waanze na watu. Kabla hujaongeza hata herufi moja kwenye kitenzi, hesabu waliomo katika tukio, halafu amua nani atakaa kwenye kiti cha yambwa, yaani pale kabla ya mzizi panapokaa -m-, -ni-, -ku- na wenzake. Kiti hicho ni kimoja tu. Hapakai wawili.

Kitenzi "pika" kinawajua wawili: mpishi na kinachopikwa. Ukimweka mama kwenye kiti cha "pika", umemtia chunguni. "Pikia" kinawajua watatu, na yule wa tatu, anayepikiwa, ndiye mwenye haki ya kiti. Chakula kinabaki nje, kinatajwa baadaye au kinaachwa kieleweke. Ndiyo maana tunasema "nimemnunulia kitabu", na hakuna anayesema "nimekimnunulia". Ukitaka kukitaja kitabu kwa nguvu, kipe nafasi kwingine: "kitabu nilichomnunulia".

Sasa jambo la kuangalia mapema: je, kitenzi chako tayari kinamjua huyo mtu? Vipo vitenzi ambavyo mtu amekaa kitini bila msaada wa kiambishi chochote kipya. Tunasema nimempa, nimemwomba, nimemwambia, nimemfundisha. Mwanafunzi aliyekwisha onywa kuhusu mama huanza kutia -ia kila mahali, na hapo anazua kosa jingine. "Nimemuuliza" maana yake nimempa yeye swali. "Nimemuulizia" maana yake nimewauliza wengine habari zake. "Nimemfundisha" ni yeye aliyepata somo. "Nimemfundishia" inaashiria kwamba waliofundishwa ni wengine, labda watoto wake, na yeye ndiye aliyefaidika.

Pia usidhani kauli ya kutendea, yaani hii ya -ia, ni ya fadhila tu. Yule wa tatu anaweza kuwa mahali, chombo, sababu, au hata mtu aliyepata hasara. Maji ni ya kunywa, kikombe ni cha kunywea. Karatasi ni ya kuandika barua, kalamu ni ya kuandikia. Mtu akifiwa, hakuna aliyemfanyia hisani: kifo kimetokea, naye ndiye kilichomwangukia. Kwenye vitenzi vya mwendo, kiambishi hiki kinaweza kugeuza njia kabisa. "Alimkimbia" ni kwamba alimtoroka, "alimkimbilia" ni kwamba alimfuata mbio. "Amehama mjini" ameondoka, "amehamia mjini" amefika. Ukikosea hapa hakuna atakayekucheka kama kwa mama, kwa sababu sentensi ni sahihi kabisa, ila inasema kinyume cha ulichokusudia. Hilo ni baya zaidi, maana hutasahihishwa.

Kuhusu umbo lenyewe, ulinganifu wa irabu hauna haja ya maneno mengi. Tazama irabu ya mwisho ya mzizi. Ikiwa ni a, i au u, kiambishi kinakuwa -i-: katia, pikia, fungia. Ikiwa ni e au o, kinakuwa -e-: letea, somea. Kanuni hiyohiyo inachagua kati ya -isha na -esha. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu na kuishia na irabu nyingine navyo vina utaratibu: rudi huwa rudia, jibu huwa jibia, samehe huwa samehea.

Kinachowaangusha watu ni "l" iliyojificha. Mwanafunzi anachukua "nunua", anaondoa -a, anaongeza -ia, anapata "nunuia", neno lisilokuwepo. Vitenzi vingi vinavyoishia na irabu mbili vilikuwa na "l" katikati yake hapo kale. Ilidondoka kwenye umbo la kawaida, lakini ukiongeza kiambishi inarudi: nunua, nunulia, toa, tolea, kaa, kalia, tembea, tembelea, kimbia, kimbilia. Kwa vitenzi vya -aa, -oa na -ua kuna kipimo chepesi kabla ya kuandika: jaribu kauli ya kutendwa, ambayo pengine umeizoea tangu wiki ya kwanza. Ulisema "nimezaliwa", kwa hiyo "zaa" ina l. Ulisikia "ameolewa", kwa hiyo "oa" ina l. Kipimo hiki hakifai kwa vitenzi vya -ia, maana "ingia" inatoa "ingiwa" bila l ingawa kutendea kwake ni "ingilia". Cha kuchekesha ni kwamba hata "sahau" na "dharau", ambavyo ni vitenzi vya mkopo, vimevutwa kwenye mkumbo huo: sahauliwa, dharauliwa.

Usiache kuchungulia jambo moja la pembeni. Katika "nunua", kauli ya kutendwa na kutendwa kwa kutendea zinaangukia umbo moja, "nunuliwa". "Mtoto alinunuliwa" inatisha. "Mtoto alinunuliwa viatu" inafurahisha. Kinachotenganisha ni viatu tu, basi usivisahau.

"L" hiyohiyo ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya kauli ya kutendesha. Badala ya kurudi kama l, hapa hutokea kama z: ingia, ingiza, tembea, tembeza, pungua, punguza, jaa, jaza. "Lala" nayo, yenye l inayoonekana wazi, inatoa "laza". Vitenzi vingi vya -ka visivyohitaji yambwa hubadili k kuwa sh: amka, amsha, chemka, chemsha, anguka, angusha, waka, washa. Lakini usifanye hivyo kwa kila -ka. "Cheka" ni "chekesha", "fika" ni "fikisha", na ukisema "pisha" ukidhani umeitoa kwenye "pika", umemwambia mtu akupe njia, maana hiyo ni ya "pita". Kuna na masalia ya zamani ambayo hayatengenezwi, yanajulikana tu: ogopa, ogofya, pona, ponya, lewa, levya.

Kutendesha nako kunaongeza mtu mmoja, yule anayesababisha, na aliyekuwa mtenda anahamia kwenye kiti. Mtoto anacheka, nimemchekesha mtoto. Angalia tu kwamba maana imeshaganda katika vitenzi vingi. Mtu akisema "mjomba ndiye aliyenisomesha", mara nyingi anakusudia kwamba mjomba alilipa ada, wala hamzungumzii mtu aliyesimama juu yake na fimbo asome. "Andikisha" ni kuingiza jina kwenye orodha rasmi. "Fungisha" kwa kawaida hukaa na ndoa. Ukitaka kusema mtu alikulazimisha, ni salama zaidi kutumia maneno mawili: "alinilazimisha niandike".

Kauli ya kutendana inafanya kinyume: inaondoa kiti. Wawili wanakaa pamoja upande wa watenda, kwa hiyo hakuna wa kumweka kabla ya mzizi. "Tumemwonana" haipo. Ni "tumeonana", au ukitaka kuanza na wewe peke yako, "nimeonana naye". Vitenzi vya mkopo vya -u hupitia kwanza -i-: salimu, salimiana, heshimu, heshimiana. Na usichanganye -ana na -ji-. "Wanapendana" ni hadithi ya watu wawili, "wanajipenda" ni kila mtu na kioo chake. Hiyo -ji- inakalia kiti chenyewe, ndiyo maana iko kabla ya mzizi na si mwisho.

Ukitaka kuunganisha viambishi viwili, amua kwanza kipi kilitokea kabla ya kingine, kwa sababu kinachokaa karibu na mzizi ndicho kilichotangulia. Chukua "piga". Ukiipa kutendea kwanza unapata "pigia", kisha kila mmoja anampigia mwenzake: "wanapigiana simu". Ukiipa kutendana kwanza unapata "pigana", kisha ugomvi unapata sababu yake: "wanapigania urithi". Herufi ni zilezile karibu zote, zimepishana tu mahali. Vivyo hivyo "pata": ukianza na kutendesha ni "pasha", na watu "wanapashana habari", ukianza na kutendana ni "patana", na mzee "anawapatanisha".

Kusoma nako kunafuata njia hiyo, ila kwa kurudi nyuma. Ukikutana na "hawakupatanishwa", anzia mwishoni. Ondoa -w-: kuna waliotendewa, aliyetenda hakutajwa. Ondoa -ish-: kuna aliyesababisha. Umebakiwa na "patana", na hapo simama. Ukiendelea kuichana mpaka "pata" utapotea, kwa sababu kupatana kwa leo ni kuelewana au kukubaliana bei, si kila mmoja kumpata mwenziwe. Mbele kuna hawa-ku-, ya kukanusha wakati uliopita. Walikuwa wamegombana, na hakuna aliyefanikiwa kuwarudisha pamoja.