Wau ya hali isiwe "na" kila mara

Ndugu zangu mnaosoma nahau ya Kiarabu kwenye darsa za hapa Tanga, angalieni sana mnapofasiri jumla ya hali, yaani sentensi inayoeleza mtu yuko katika hali gani tendo linapotokea. "Jaa Zaidun wa huwa yadh-haku" husomwa mara nyingi "Zaidi alikuja na yeye anacheka". Hiyo wau, yaani lile "wa", haiungi habari mbili, inaeleza hali ya Zaidi wakati anakuja. Kiswahili kina -ki- kwa kazi hiyohiyo: Zaidi alikuja akicheka. Basi, imetosha.

Penye tabu ni vitenzi vya kuingia katika hali, kama kulewa, kulala, kupanda, kukaa. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 43, waumini wanakatazwa kuikaribia sala "wa antum sukara". Ukisema "mkilewa", msikilizaji anasikia sharti, au anasikia ulevi ndio kwanza unaanza. Sukara ni watu walio ndani ya hali tayari, kwa hiyo weka -me-: "mkiwa mmelewa", au "hali mmelewa", ambayo mimi naipenda zaidi kwenye matini ya dini.

Sasa chukua "raaitu Zaidan rakiban". Kiarabu hapa hakisemi waziwazi nani kapanda, ingawa aliyetajwa karibu na neno la hali "rakiban", yaani Zaidi, ndiye hutangulia kudhaniwa. Kiswahili kitakulazimisha uchague kiambishi: nilimwona Zaidi akiwa amepanda baiskeli, au nikiwa nimepanda. Kwa hiyo soma sentensi za jirani kwanza. Ukikuta "wa ana rakibun", swali limekwisha: ni "nikiwa".