Kupatana na Mzazi Kuhusu Tuisheni ya Mtandaoni ya Kila Wiki: Ada, Kuahirisha na Kufidia Vipindi

Ninafundisha hisabati kwa njia ya mtandao, zaidi wanafunzi wa kidato cha pili wanaojiandaa kwa upimaji wa Novemba. Mwongozo huu unahusu makubaliano na mzazi kabla ya kipindi cha kwanza, na nimechukua mfano wa mzazi nitakayemwita Mama Neema, ambaye binti yake anasoma kila Jumamosi saa kumi jioni kwa muda wa saa moja.

Hatua ya kwanza: ongea na mzazi kwa simu, kisha andika. Msalimu kama umri wake unavyostahili, uliza mtoto amekwama mada gani, na uliza ni nani atakayekuwa nyumbani saa hiyo ya kipindi, kwa kuwa mara nyingi simu anayotumia mtoto ni ya mzazi mwenyewe. Mzazi anayerudi kutoka dukani saa moja usiku hawezi kuacha simu nyumbani saa kumi, na ni afadhali hilo lijulikane mapema. Amueni pia mtakutana wapi. Zoom ya bure hukata mazungumzo baada ya dakika 40, wakati Google Meet haina kikomo hicho kifupi mkiwa wawili tu. Lakini mzazi akiingia kwa simu yake kusikiliza, mnakuwa watatu, na kikomo ni dakika 60.

Hatua ya pili: pangeni ada kwa kipindi, ilipwe kwa mwezi. Tuseme ada ni shilingi 20,000 kwa kipindi. Usitaje ada moja ya mwezi mzima, kwa sababu kuna miezi yenye Jumamosi nne na mingine tano, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Agosti 2026 ina Jumamosi tano, hivyo Mama Neema atalipa 100,000. Septemba ina nne, atalipa 80,000. Malipo yafanyike kwa simu kabla ya kipindi cha kwanza cha mwezi, na ukishapokea umtumie ujumbe wenye tarehe za vipindi alivyolipia.

Hatua ya tatu: wekeni kanuni za kuahirisha. Hapa ndipo pa kutulia zaidi, kwa kuwa linaloamua nani abebe hasara ni mambo mawili: nani amesababisha, na taarifa imetolewa lini. Mimi huandika hivi:

"Mzazi akitoa taarifa kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa, kipindi kitafidiwa ndani ya siku 14. Akitoa taarifa baada ya hapo, au mwanafunzi asipoonekana kwa dakika 20, kipindi kitahesabiwa kuwa kimefanyika. Mwalimu akishindwa kufundisha kwa sababu yoyote, mzazi atachagua kufidiwa kipindi au kupunguziwa ada ya mwezi unaofuata."

Ukomo wa siku 14 ni wa lazima. Bila huo, vipindi vya kufidia hulimbikizana hadi Oktoba, na mtoto anadai masomo sita katika wiki ambazo anahitaji kupumzika na kurudia aliyojifunza. Ugonjwa wa ghafla ninausamehe hata taarifa ikichelewa, ila nao nauandika ili usitegemee huruma ya siku hiyo. Bando kuisha ni jukumu la mzazi, umeme kukatika kwa mwalimu ni jukumu la mwalimu, na mtandao ukianguka kwa wote, kipindi kinafidiwa bila lawama.

Hatua ya nne: tunzeni hesabu. Tuangalie Agosti ya Neema. Tarehe 1 alisoma. Tarehe 8 kulikuwa na harusi, mama yake akatoa taarifa Alhamisi, tukafidia Jumatano tarehe 12 saa moja usiku. Tarehe 15 taarifa ilikuja saa tisa alasiri, saa moja kabla ya kipindi, kwa sababu ya wageni; kipindi kikahesabiwa. Tarehe 22 umeme ulikatika kwangu, na mzazi akachagua kupunguziwa. Tarehe 29 alisoma. Kwa hiyo ujumbe wa mwisho wa mwezi ukawa:

"Mama Neema, habari za jioni. Agosti ulilipia vipindi vitano: vitatu vimefundishwa (1, 12 na 29), kimoja kimehesabiwa (15), kimoja ni deni langu (22). Septemba ni 80,000, ukitoa 20,000 inabaki 60,000. Tarehe ni 5, 12, 19 na 26. Kama kuna siku mtasafiri, naomba unijulishe sasa."

Mzazi akipinga kipindi cha tarehe 15, mrudishie ule ujumbe wa kanuni alioukubali mwanzoni, kwa upole na bila maelezo marefu. Kanuni ikionekana kumwonea kweli, irekebisheni kuanzia mwezi unaofuata, na marekebisho hayo nayo yaandikwe.