Mama anasahau, na mfuko wake umejaa dawa za kulalia: jinsi ya kuhesabu mzigo na kuupunguza

Mimi ni mfamasia. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja na mama yake wa miaka 72, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiuliza swali lile lile mara tatu kabla chai haijapoa. Kijana alikuja akiwa ameshaamini kwamba ni ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Huenda ni huo, lakini kabla ya kuukubali kuna jambo la kukaguliwa kwenye mfuko wa dawa.

Ubongo hutumia kemikali iitwayo asetilikolini kushika jambo jipya na kukaza fikra. Dawa nyingi za kusinziza, za mzio, za kichefuchefu na za kibofu huiziba kemikali hiyo njia. Hizo ndizo antikolinejiki. Mtu akifika umri mkubwa asetilikolini yenyewe imepungua, figo na ini husafisha dawa polepole, na dawa hupenya kirahisi zaidi kuingia kwenye ubongo. Ndiyo maana kidonge ambacho kijana wa miaka 30 anakilalia akaamka mzima, kwa mama yake kinaacha ukungu hadi mchana.

Mwongozo huu ni wa kupanga mazungumzo na daktari au mfamasia wa mgonjwa. Usimwachishe mtu dawa kwa kusoma hapa tu.

Hatua ya 1: Kusanya kila kitu kinachomezwa

Usiulize "unatumia dawa gani?" Omba mfuko. Yule mama alinitolea maboksi matatu: amitriptilini miligramu 25 kila usiku kwa miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari, promethazini miligramu 25 ya kulalia, na furosemaidi miligramu 40 ya kutoa maji mwilini.

"Hizi ndizo zote, mama?"

"Ndizo zote, mwanangu."

"Na ukipata mafua?"

"Aa, zile si dawa. Hizo nameza mbili usiku ndipo nilale vizuri."

Vidonge vya mafua vilikuwa na klorofeniramini ndani yake, na alikuwa anavimeza karibu kila usiku, mafua yawepo yasiwepo. Jina hilo liko nyuma ya pakiti kwa herufi ndogo, kwa hiyo soma viambato, usisome jina kubwa la mbele. Dawa za kikohozi za usiku, vidonge vya safari na vya mzio vipitie hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Toa pointi

Mimi natumia kipimo cha Boustani na wenzake, kilichotolewa 2008 na kufanyiwa marekebisho 2012. Dawa hupewa pointi 1, 2 au 3 kulingana na uwezo wake wa kuvuruga akili, na jumla ikifika 3 inatosha kumfanya daktari aangalie upya orodha. Ukitumia kikokotoo cha mtandaoni, andika majina kwa tahajia ya Kiingereza:

```
amitriptyline     3
promethazine      3
chlorpheniramine  3
furosemide        1
```

Jumla ni 10. Kwa maboksi matatu ya mwanzo ingekuwa 7, maana "zile si dawa" peke yake ilikuwa na pointi 3.

Orodha za pointi zipo kadhaa na hazikubaliani kwa kila dawa. Chagua moja, ubaki nayo mwanzo hadi mwisho, la sivyo utaona pointi zimeshuka kumbe umebadilisha rula. Binafsi naandika kwenye daftari. Programu za simu zinahesabu haraka, lakini hazikuulizi kuhusu mafua.

Hatua ya 3: Pima kumbukumbu kabla ya kugusa chochote

Mpe maneno matatu, mwambie achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi, kisha muulize yale maneno. Yule mama alikumbuka neno moja, na mishale ya saa ilikuwa ya urefu sawa. Muombe pia anayeishi naye ahesabu kwa siku tatu ni mara ngapi swali moja linarudiwa. Safari ijayo badilisha maneno, kwa sababu wapo wanaoyakariri.

Uliza pia kuhusu kinywa kikavu, choo kigumu, mkojo unaotoka kwa shida na kuona ukungu. Dawa hizi zinaziba asetilikolini mwili mzima, hivyo dalili hizo zikiambatana na usahaulifu, shaka yangu huegemea kwenye mfuko. Yule mama alikuwa nazo tatu.

Hatua ya 4: Punguza, moja baada ya nyingine

Hapa ndipo niliwahi kupoteza wiki nzima, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Miaka ya nyuma nilimshauri mgonjwa mmoja, kwa idhini ya daktari wake, aache dawa mbili za kusinziza usiku mmoja. Niliona ni ushindi, pointi 6 zimeondoka mara moja. Usiku wa pili hakulala kabisa. Siku ya tatu alikuwa na kichefuchefu, jasho na kuharisha, na familia ikasema: mnaona, mwili wake unazihitaji. Wakazirudisha zote, na moja wakaiongeza dozi. Nilishindwa kuwajibu kwa sababu sikuwa na namna ya kujua ni dawa ipi iliyoleta shida.

Kilichotokea kina maelezo. Dawa ikiziba mlango kwa miaka, mwili huongeza milango. Ukiitoa dawa ghafla, asetilikolini inaingia kwa kishindo, nayo huleta kichefuchefu, jasho, tumbo kuvurugika, wasiwasi na kukosa usingizi. Namna ya kuitofautisha na maradhi ya awali ni hii: kishindo cha kuacha huanza ndani ya siku chache, huja na dalili ambazo mgonjwa hakuwa nazo kabla ya dawa, na hupungua kadiri siku zinavyopita. Maradhi yanayorudi huja taratibu, yanafanana na yale ya zamani, na huzidi badala ya kupungua. Kishindo kikija, rudi kwenye dozi ya hatua iliyotangulia, subiri kitulie, kisha shuka kwa kipande kidogo zaidi. Usirudi hadi mwanzo kabisa.

Kwa yule mama, mpangilio tuliokubaliana na daktari wake ulikuwa huu. Vidonge vya mafua vilitangulia, kwa kuwa vilikuwa vinarudia kazi ya promethazini na hakukuwa na mafua ya kutibu. Alitoka viwili hadi kimoja kwa wiki mbili, kisha akaviacha. Promethazini ikafuata: nusu kidonge, yaani miligramu 12.5, kwa wiki mbili, halafu robo kwa wiki mbili nyingine, kisha basi. Usiku mitatu ya robo ilikuwa mibaya. Kijana alinipigia simu saa nne usiku akitaka kurudisha kidonge kizima. Nikamuuliza kama mama anatoka jasho. Akasema ndiyo, na tumbo linanguruma. Hivyo vyote viwili hakuwa navyo kabla ya kuanza promethazini, kwa hiyo tulirudi kwenye nusu kwa siku tano, kisha tukashuka tena, safari hii bila kelele.

Amitriptilini tuliiacha iwe ya mwisho kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na kazi halali usiku ule: miguu. Vipo vidonge vya miligramu 10, hivyo kutoka 25 alishuka hadi 20, akakaa wiki tatu, kisha 10. Kwenye 10 miguu iliwaka kidogo, lakini alivumilia. Tukakomea hapo.

Sasa tahadhari, na msizipitie haraka. Dawa za kifafa, za Parkinson na za magonjwa makubwa ya akili haziguswi kwa mwongozo huu. Benziheksoli ikikatwa ghafla inaweza kumfanya mgonjwa wa Parkinson akakamae vibaya. Diazepamu ina pointi 1 tu kwenye kipimo, ila ikiachwa ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu inaweza kuleta degedege.

Na hapo hapo kuna mtego mwingine: kumtoa mtu kwenye promethazini na kumweka kwenye diazepamu ili pointi zishuke. Pointi zitashuka kweli, lakini diazepamu inadhoofisha kumbukumbu kwa njia yake nyingine isiyohusu asetilikolini, na inaangusha wazee. Siipendi kama badala. Kwa usingizi, nilichompa mama ni saa moja ya kuamka isiyobadilika na kuacha kulala mchana. Mzio ukija, setirizini au loratadini ni afadhali zaidi, maana huingia kidogo tu kwenye ubongo.

Hatua ya 5: Pima tena

Subiri angalau mwezi baada ya badiliko la mwisho. Mama alikumbuka maneno mawili kati ya matatu, saa ikawa na mshale mrefu na mfupi, na swali lililokuwa likirudiwa mara tisa kwa siku likashuka hadi mbili. Choo kikalainika kabla ya kumbukumbu kurudi, kama ninavyoona mara nyingi.

Majina ya wajukuu bado yanampotea, na hapa lazima niwe mkweli kwa familia. Utafiti wa Gray na wenzake uliochapishwa 2015 ulifuatilia watu 3,434 wa miaka 65 na zaidi. Waliotumia antikolinejiki kwa wingi, kiasi cha dozi ya kila siku kwa zaidi ya miaka 3, walikuwa na hatari ya ugonjwa wa kusahau iliyozidi kwa asilimia 54 ya wale wasiotumia, na hatari hiyo ilionekana hata kwa walioacha. Huo ni uhusiano, si ushahidi kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa. Kukosa usingizi na huzuni huweza kuwa dalili za mwanzo za ugonjwa wenyewe, na ndizo zinazomfanya mtu apewe dawa hizi. Uchunguzi mkubwa wa Coupland na wenzake, wa 2019, uliona uhusiano kwa dawa za huzuni na za kibofu, lakini kwa dawa za mzio haukuonekana. Kwa hiyo ukungu wa leo nauahidi kupungua. Ugonjwa wa kesho siuahidi kuzuilika. Tulimwandikia apimwe tezi ya shingo na vitamini B12, maana hitilafu zake nazo huweza kuleta usahaulifu.

Pointi zake sasa ni 4, na kijana alisikitika kidogo kwamba hazikufika sifuri. Kipimo hakioni dozi: amitriptilini ya miligramu 10 inapewa 3 sawa na ile ya 75. Pointi 1 iliyobaki ni ya furosemaidi, ambayo inashika moyo wake, na hiyo sikuigusa.