Nakala tatu za hesabu za duka: kanuni ya 3-2-1 kwa mwenye Google Drive

Maduka mengi ninayoyahudumia hapa Moshi, kuanzia Double Road hadi Mbuyuni, yana laptopu moja ya Windows, madeni na stoo kwenye Excel, na Google Drive iliyowashwa tangu laptopu inunuliwe. Ukimuuliza mwenye duka kuhusu nakala, anakujibu, "Zipo Drive, kijana wangu." Ni kweli zipo. Tatizo ni kwamba Drive inafuata kila kinachotokea kwenye laptopu, hata kikiwa kibaya.

Kanuni ya 3-2-1 inasema: uwe na nakala tatu za data yako, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na duka. Watu wengi wanahesabu laptopu na Drive kama nakala mbili tayari. Mimi naihesabu ile folda inayojisawazisha na laptopu yenyewe kuwa nakala moja, kwa sababu ukifuta huku, kule kunafutika. Na kama Drive imewekwa kwenye mtindo wa kutiririsha (ule unaoleta diski ya G:), faili nyingi hazipo kwenye laptopu kabisa. Hapo una nakala moja, nayo iko mtandaoni.

Duka moja la vifaa vya ujenzi lilipata tatizo ambalo halikuhitaji mwizi wala moto. Jumanne mchana binti wa kaunta alitaka majina ya wadaiwa yakae kwa mpangilio wa alfabeti. Akachagua safu ya majina peke yake, Excel ikamwuliza kama apanue uteuzi, akakataa, akahifadhi. Majina yakahama, kiasi cha deni kikabaki pale pale. Hakuna kilichofutika na hakuna onyo lililotokea. Drive ikapandisha faili jipya ndani ya dakika moja. Jumamosi fundi mmoja akaja kulipia mifuko yake 18 ya saruji, akaambiwa anadaiwa bati.

Kilichowaokoa ni folda zenye tarehe. Unazitengeneza hivi.

Hatua ya 1: kusanya kila kitu mahali pamoja

Fungua folda `C:\Duka`, weka humo faili za hesabu, stoo, madeni, na picha za risiti za EFD (karatasi zile hufifia, na TRA wanataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5). Folda hii iwe nje ya folda ya Drive. Kama unatumia programu ya mauzo yenye hifadhidata yake, usinakili faili lake programu ikiwa wazi, maana nakala inaweza kutoka nusunusu. Tumia kitufe cha programu yenyewe cha kutoa nakala, na uielekeze iandike ndani ya `C:\Duka`.

Hatua ya 2: diski ya nje

Nunua diski ya nje ya kawaida. Flashi za bei ya kutupa zinazodai GB 512 ziogope: nyingine ni bandia, zinapokea faili bila kulalamika halafu hazifunguki. Chomeka diski, nenda Disk Management, uipe herufi N. Usipofanya hivyo, siku ukichomeka flashi ya mteja kwanza, diski yako itapewa herufi nyingine na nakala haitapata pa kwenda.

Hatua ya 3: rclone kwa ajili ya mtandaoni

Pakua rclone, programu ya bure ya kunakili faili kwenda mtandaoni, uiweke `C:\Zana`. Fungua PowerShell, andika `C:\Zana\rclone.exe config`, chagua `n`, ipe jina `drive`, kisha chagua Google Drive kwenye orodha. Kwenye swali la ruhusa chagua `drive.file`, ili iguse faili ilizopandisha yenyewe tu. Kivinjari kitafunguka uingie kwenye akaunti. Iwe akaunti ya mwenye duka. Ya kijana wa kaunta itaondoka naye siku akiacha kazi.

Hatua ya 4: hati fupi ya kufunga siku

Andika haya kwenye Notepad, uhifadhi kama `C:\Zana\nakala.ps1`:

```
$leo = Get-Date -Format yyyy-MM-dd
$r = "C:\Zana\rclone.exe"
robocopy C:\Duka "N:\Nakala\$leo" /E /R:2 /W:5
& $r copy C:\Duka "drive:Nakala/$leo" -P
& $r check C:\Duka "drive:Nakala/$leo"
```

Kisha weka njia ya mkato kwenye skrini yenye amri hii:

```
powershell -NoExit -ExecutionPolicy Bypass -File C:\Zana\nakala.ps1
```

Mtandaoni utakuta watu wanashauri `robocopy /MIR` na `rclone sync`. Kwa kazi hii ziache. Zote mbili hufuta kule kwenye nakala kile kisichokuwepo tena kwenye laptopu, na hapo umerudi kwenye ugonjwa ule ule wa Drive.

Jioni mkishafunga hesabu, funga Excel, chomeka diski, bonyeza. Soma vitu viwili: kwenye jedwali la robocopy safu ya `FAILED` iwe 0, na mwishoni rclone iandike `0 differences found`. Umeme ukikatika katikati, au bando likiisha, rudia tu. Rclone itaruka faili zilizokwisha kufika.

Halafu chomoa diski. Hapa ndipo kifaa cha pili kinapofanya kazi yake. Kirusi kinachofunga faili kikiingia kwenye laptopu, kinaweza kufika kila kilichochomekwa, na hata funguo za rclone zimo kwenye laptopu hiyo hiyo. Diski iliyo kwenye droo hakiifikii. Moto au mwizi ataifikia droo, na hapo ndipo nakala ya mtandaoni inapohitajika.

Kuhusu nafasi: folda ya MB 12 kwa siku 26 za kazi ni kama MB 312 kwa mwezi, yaani chini kidogo ya GB 4 kwa mwaka. Google inatoa GB 15 bure, ila Gmail na picha za simu zinakula humo humo. Ninachofanya ni kubakisha folda za miezi mitatu ya karibuni, na kwa miezi ya nyuma naacha siku ya mwisho ya mwezi tu. Picha za risiti zikianza kuwa nyingi, zihamishie folda yake na uzinakili mara moja kwa wiki.

Hatua ya 5: namba za akiba

Uthibitishaji wa hatua mbili ukiwashwa, Google inakupa namba 10 za akiba. Zichapishe, zikae nyumbani. Laptopu na simu zikiibiwa usiku mmoja, bila karatasi hiyo nakala ya mtandaoni ipo lakini mlango umefungwa.

Hatua ya 6: jaribu kurudisha

Mara moja kwa mwezi chukua kompyuta nyingine, ingia Drive, shusha folda ya wiki iliyopita, ufungue faili la madeni. Chagua wateja watatu, linganisha salio lao na kitabu cha risiti cha kaunta. Faili kufunguka peke yake hakutoshi. La yule binti lilifunguka vizuri kabisa.

Duka lile walifungua folda ya Jumanne, ikawa imeharibika. Wakafungua ya Jumatatu, fundi wa saruji akaonekana na deni lake la shilingi 315,000. Wakaifanya hiyo kuwa faili la kazi, wakaingiza upya mauzo ya kuanzia Jumanne kutoka kwenye kitabu cha risiti. Google Drive nayo hutunza matoleo ya zamani ya faili kama hilo, kwa siku 30 au hadi matoleo 100, kwa hiyo wangeweza kuchimba huko pia. Ila kosa la namna hii likigundulika baada ya miezi miwili, wakati wa kufunga hesabu, toleo hilo litakuwa limeshafutwa.