Kabla Hujapaka Rangi Nywele Ukiwa Mjamzito au Unanyonyesha

Tuanze na swali linaloulizwa na kila mjamzito: je, rangi itamfikia mtoto? Kwa mama anayepaka mara moja moja, haijaonekana kumdhuru mtoto tumboni. Ngozi ya kichwa iliyo nzima, isiyo na kidonda, hupitisha dawa kidogo sana kuingia kwenye damu, na rangi yenyewe hukaa kichwani kama nusu saa halafu inaoshwa. Hakuna daktari atakayewachukua wajawazito mia awapake rangi makusudi ili aone kitakachotokea, kwa hiyo tunayoyajua yametokana na wanyama waliopewa dozi kubwa mno, na akina mama waliojipaka wenyewe wakafuatiliwa baadaye. Tafiti zilizojaribu kuihusisha rangi na maradhi ya mtoto hazijakubaliana. NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, inawaambia wajawazito kwamba ushahidi uliopo unaonyesha ni salama, na kwamba wengi huchagua kusubiri wiki 12 za mwanzo zipite, kwa sababu ndizo ambazo viungo vya mtoto vinaumbika.

Basi subiri hizo wiki 12. Mvi hazijawahi kumuua mtu.

Vaa glavu. Fungua madirisha. Kama ni saluni, kaa karibu na mlango, na kama ndani harufu ya dawa inakuchoma macho kabla hujakaa kwenye kiti, rudi siku nyingine.

Sasa lile ambalo mimi sikuambiwa na mtu.

Mimba yangu ilikuwa ya miezi sita, na mdogo wangu alikuwa anaolewa Jumamosi. Alhamisi jioni nilinunua pakiti ya rangi nyeusi ya unga, ile ambayo kwetu tunaiita kanta, iwe ya kampuni yoyote. Niliichagua kwa akili zangu zote: haina harufu, haina amonia, inachanganywa na maji matupu. Nikaikoroga kwenye kibakuli, nikaipaka kwa mswaki wa zamani, nikakaa dakika arobaini nikimsaidia mama kuchambua mchele. Usiku nyuma ya masikio pakaanza kuwasha. Ijumaa asubuhi kichwa kilikuwa cha moto na paji la uso limevimba. Jumamosi nilipoamka, jicho la kulia halikufunguka kabisa, la kushoto lilikuwa mstari tu, na pembezoni mwa nywele palitoka majimaji ya njano yaliyokuwa yameganda kwenye foronya. Nilisikia vigelegele vya harusi kutoka chumbani.

Kwenye zahanati yule nesi mtu mzima alisikiliza kwanza mapigo ya moyo wa mtoto, akasema yuko sawa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mwanangu, ulishawahi kupaka piko?"

Nilishapaka. Miaka minne kabla, kwenye harusi yangu mwenyewe, mikono na miguu. Mguu wa kushoto ulitoka malengelenge yaliyofuata maua yale yale ya mchoro, na alama nyeupe ya ua ilibaki juu ya kifundo kwa miezi. Shangazi zangu walisema ni jicho la watu, na mimi nikaliacha hapo. Tena mwaka mmoja kabla ya mimba nilipaka kanta, kichwa kikaniwasha siku mbili, nikasema ni mba.

Piko na kanta ni kitu kimoja. Piko la mchoro kwa kawaida ni hiyo hiyo rangi nyeusi ya nywele inayokorogwa nzito. Kinacholeta weusi ndani yake ni kemikali inayoitwa parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Mwili ukishaikataa mara moja, hausahau. Kinga ya mwili inaiweka kwenye kumbukumbu, na ikiiona tena inaweza kuipiga kwa nguvu zaidi kuliko mara iliyopita, hata ikiwa imepita miaka kumi. Kwa rangi za nywele, Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na umekataza kabisa isipakwe kwenye ngozi kama mchoro. Mchoraji wa piko kwenye baraza ya harusi hapimi asilimia. Anaiacha ikauke mguuni saa nzima, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kuikataa bila kujua.

Daktari alinipa vidonge vya kutuliza mzio kwa siku chache. Majimaji yalichukua wiki mbili kukauka. Mtoto hakupata lolote, lakini mimi, niliyekuwa naogopa hata panadoli, nilijikuta nameza dawa kali katika mwezi wa sita kwa sababu ya pakiti ya unga. Kwa hiyo ukiniuliza hatari ya kwanza ya rangi kwa mjamzito ni ipi, sitakutajia mtoto. Nitakutajia wewe mama, kichwa chako na macho yako.

Hivyo kabla ya yote, jiulize: piko limewahi kukutoa malengelenge, au hata kukuwasha tu? Rangi imewahi kukuwasha zaidi ya saa chache, au kukuvimbisha kope? Kama jibu ni ndiyo, usijaribu hata tone nyuma ya sikio. Acha kabisa rangi zenye PPD, na usihamie kwenye rangi nyingine nyeusi ya dukani ukidhani umepona, kwa sababu kemikali zake ni ndugu na mwili huzifananisha. Na kwenye kliniki ya wajawazito waambie, iandikwe kwenye kadi yako, maana baadhi ya dawa za kutia ganzi nazo ni za ukoo huo.

Kama hujawahi kupata shida, jaribu kwanza. Sote tunajua kwamba pakiti inasema hivyo, na sote tunaruka. Fuata maelezo ya pakiti yako. Kwa kawaida unachanganya rangi kidogo kama utakavyoipaka, unaweka tone dogo nyuma ya sikio au kwenye kikunjo cha kiwiko, unaliacha likauke, halafu unasubiri saa 48. Kosa la wengi ni kuangalia baada ya dakika kumi, wakaona pako shwari, wakapaka. Mzio huu hauji papo kwa papo. Huanza baada ya saa kadhaa na hukolea siku ya pili au ya tatu, kama wangu ulivyofanya. Hata mimi, niliyekuwa sijui habari ya piko, ningeweka tone Jumatatu, Jumatano nikaona wekundu, na Jumamosi ningekuwa ukumbini. Rudia jaribio kila mara, hata kwa rangi uliyoizoea.

Usidanganyike na "haina amonia". Amonia ndiyo harufu, na kuiondoa kunasaidia pua na kichefuchefu, lakini PPD haina harufu. Soma pakiti ndani na nje. Ukikuta PPD, au jina refu la kemikali linaloishia na "diamine", ujue upo kwenye ukoo ule ule. Pakiti isiyo na maandishi yoyote ya viambato, iache dukani.

Ukishapita jaribio, punguza kinachogusa ngozi. Usipake siku uliyofumua nywele, maana ngozi imekwaruzwa na kitana na kucha, na penye mkwaruzo dawa hupita kirahisi. Kama umetia dawa ya kulainisha nywele, acha wiki mbili. Usioshe nywele kwa kusugua siku hiyo hiyo. Paka mafuta mazito ya mgando kwenye paji, masikio na shingo. Mwambie msusi aanze vidole viwili kutoka kwenye ngozi, au apake ncha na mistari tu; hiyo ndiyo njia inayopunguza kuliko zote, kwa sababu rangi iliyo kwenye unywele haiendi popote. Weka saa mbele yako, na muda wa pakiti ukifika, osha. Mfuko wa plastiki na draya juu ya rangi, kama pakiti haikusema hivyo, ukatae, kwani joto na kufunikwa huongeza kinachopenya. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha suuza tena.

Anayetaka hina, apake, mradi iwe hina kweli. Unga wake ni wa kijani, unanuka majani, unakaa saa nyingi na unatoa rangi ya chungwa mpaka hudhurungi. "Hina nyeusi" inayoshika kwa nusu saa si hina, ni piko limebadilishiwa jina. Na iliyotiwa petroli au mafuta ya taa ili ikolee, ikatae hata kama anayekupaka ni bibi yako.

Kwa anayenyonyesha, rangi kidogo inayofika kwenye damu haitarajiwi kuingia kwenye maziwa kwa kiasi cha kumsumbua mtoto, na huna haja ya kukamua na kumwaga. Shida ni mikono ya mtoto. Anavuta nywele, halafu vidole vinaingia mdomoni. Kwa hiyo osha, kausha, funga kilemba usiku wa kwanza, badilisha kanga uliyovaa, na osha kifua na shingo kabla hujampa ziwa. Kuna jambo la arobaini pia: mama anapopambwa, usimpake hina mtoto mchanga, hata kidoti cha kiganjani. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao wapo wengi sehemu zenye malaria na hasa wa kiume, chembe zao nyekundu za damu zinaweza kupasuka kwa hina, hata hiyo ya asili. Mtoto anakuwa wa manjano, analegea, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Nywele zikianza kunyonyoka miezi mitatu au minne baada ya kujifungua, usiitupie lawama rangi moja kwa moja; hata asiyepaka chochote hunyonyoka wakati huo.

Ukivimba midomo au ulimi, au pumzi ikawa nzito, usisubiri kuche. Ukiwa msusi na una mimba, wewe unaivuta rangi na kuigusa siku nzima, kwa hiyo glavu, dirisha na kupeana zamu na wenzako vinakuhusu kuliko mteja wako. Mchanganyiko uliobaki mwaga siku hiyo hiyo na kibakuli kisirudi jikoni. Pakiti za unga ziweke juu, mbali na watoto wakubwa, kwa sababu PPD ikimezwa inavimbisha koo na kuua figo, na unga wenyewe mtoto hawezi kuutofautisha na kitu cha kuchezea. Na foronya, tandika ya zamani.