Kabla hujasaini, isome barua ya ofa kuanzia mlango wa kutokea

Shemeji yangu alikuja Tabata Jumamosi jioni, barua ya ofa ameikunja mara nne ndani ya mfuko wa shati. Aliifungua juu ya meza na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye mstari mmoja: shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kazini kwake, kiwanda kimoja cha Barabara ya Nyerere alikokuwa msimamizi wa stoo kwa miaka 6, alikuwa akipata 900,000. Kazi mpya ni ghala la kampuni ya usambazaji, Kurasini. Akauliza, "Kaka, nisaini?"

Nimefanya kazi ya utumishi kwa muda, na barua za aina hii nimeziandika mwenyewe. Kinachovutia huwekwa ukurasa wa kwanza. Yanayohusu kuachishwa kazi huwa ukurasa wa pili, chini, baada ya likizo na siri za kampuni. Kwa hiyo tukageuza karatasi tukaanzia huko.

Cha kwanza kutafuta ni aina ya mkataba, maana mengine yote yanategemea hilo. Shemeji alikuwa na ajira ya kudumu, yaani isiyo na tarehe ya mwisho. Hii mpya ilikuwa ya miaka 2, "inayoweza kuhuishwa kwa hiari ya kampuni". Yeye aliiona ile miaka 2 kama ahadi ya miezi 24 ya mshahara. Nikamwambia asome kipengele cha 9, kinachosema kila upande unaweza kuvunja mkataba wakati wowote kwa notisi ya mwezi mmoja au kwa kulipa mshahara wa mwezi mmoja. Ukiviweka vipengele hivyo viwili pamoja, ile miaka 2 inabaki kuwa mwezi mmoja unaojirudia.

Kanuni za utendaji bora katika ajira za mwaka 2007 zinasema mkataba wa muda maalumu hauvunjwi na mwajiri kabla ya muda wake, isipokuwa mfanyakazi amekiuka mkataba kwa jambo kubwa, au yeye mwenyewe akubali uishe mapema. Mwajiri mwenye kipengele kama hicho cha 9 atadai kwamba kukubali huko ulishakutia saini siku ya kwanza. Huenda akashindwa mbele ya mwamuzi, lakini kwa nini ubebe ugomvi huo ilhali karatasi bado haina saini? Omba kipengele kiseme kwamba kabla ya muda kuisha mkataba utavunjwa kwa sababu halali tu, na sababu hiyo itolewe kwa maandishi. Sheria yenyewe, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inataka notisi iwe ya maandishi na itaje sababu, kwa hiyo huombi hisani.

Neno "kwa hiari ya kampuni" nalo lina kazi yake. Sheria hiyohiyo inahesabu kutohuishwa kwa mkataba kuwa ni kuachishwa kazi, ikiwa mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa. Maneno hayo yamewekwa ili matarajio yasijengeke. Kwenye usaili bosi alimwambia shemeji, "Hapa watu wetu huwa hawaondoki." Maneno matamu, ila hayakuandikwa popote. Nilimshauri amwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru na kuuliza kama kawaida ya kampuni ni kuhuisha mikataba ya watu wa ghala, na kwa vigezo gani. Jibu likija, lolote liwalo, lihifadhiwe.

Halafu tukaja kwenye mshahara, safari hii tukiutazama kwa jicho la siku ya kuondoka. Ile 1,200,000 ilikuwa imegawanywa: mshahara wa msingi 600,000, na posho za nyumba, usafiri na chakula 600,000. Kazi ya zamani msingi ulikuwa 800,000 na posho 100,000. Mgawanyo huo watu huupita haraka kwa sababu mwisho wa mwezi fedha zinaingia pamoja. Lakini kiinua mgongo kinachotajwa na kifungu cha 42 kinakokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake: si chini ya siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, na ni kwa aliyetimiza miezi 12 kisha akaachishwa na mwajiri.

Tukachukua kalamu. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26 kupata wa siku. Kule kiwandani, 800,000 kwa 26 ni kama 30,769. Mara 7 ni 215,385. Mara miaka 6 inakaribia 1,292,300. Kule Kurasini, 600,000 kwa njia hiyohiyo inatoa 161,538 kwa mwaka. Mshahara umepanda lakini kila mwaka wa jasho umeshuka thamani siku ya kutoka. Tena mkataba wa muda maalumu ukiisha kwa tarehe yake, kiinua mgongo hicho cha kisheria hakipo kabisa. Kama unataka kitu mwisho wa miaka 2, lazima kiandikwe kwenye mkataba kama malipo ya kumaliza mkataba, kwa kiasi au asilimia inayojulikana.

Na ile 1,292,300 ya kiwandani? Hataipata, kwa kuwa ni yeye anayeacha kazi. Shemeji alinyamaza kidogo hapo. Kwa haki ya kampuni mpya nikamwonyesha upande wa pili: nyongeza ni 300,000 kwa mwezi, kwa hiyo akikaa miezi 5 ameshaifidia. Fedha zenyewe hazikunitia wasiwasi mkubwa. Kilichonitia wasiwasi ni hiyo miezi 5 yenyewe.

Kipengele cha 4 kilisema matazamio, yaani muda wa majaribio, ni miezi 6, "yanaweza kuongezwa", na ndani ya kipindi hicho ajira inaweza kusitishwa kwa notisi ya saa 24. Sasa sikiliza: ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumgusi mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo. Miaka 6 ya kiwandani haihamii Kurasini. Mtu aliyekuwa na ulinzi kamili Ijumaa anaanza Jumatatu akiwa hana. Ghala likipoteza mteja mkubwa mwezi wa nne, anaweza kuambiwa asante na mlango wa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usimsaidie sana kwenye hoja ya uhalali wa sababu.

Na usidhani miezi 6 ikipita kimya umeshathibitishwa. Mahakama ya Rufani imeshaamua kwamba kuendelea kufanya kazi baada ya muda wa matazamio si kuthibitishwa. Kwa hiyo ombi la maana hapa ni mambo mawili: matazamio yapunguzwe hadi miezi 3, hasa kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka 6 wa kazi ileile, na iandikwe kwamba tathmini itafanyika na barua itatolewa kabla ya tarehe fulani. Kama hawataki kupunguza, angalau maneno "yanaweza kuongezwa" yawekewe kikomo.

Zile saa 24 ni upuuzi, nasema wazi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 7 katika mwezi wa kwanza na siku 28 baada ya hapo, na barua ya ofa haiwezi kushusha hapo. Lakini kipengele kibovu kina faida moja: kinakuonyesha waliokiandika wanafikiri vipi. Huwa naangalia pia kama notisi ni sawa pande zote. Nimeona barua inayomtaka mfanyakazi atoe miezi 3 huku kampuni ikitoa mwezi 1. Sheria inaruhusu notisi ndefu kuliko siku 28 mradi iwe sawa kwa wote wawili.

Likabaki suala la kupunguzwa kazi. Barua ilikuwa na sentensi moja tu: kampuni inaweza kupunguza wafanyakazi kulingana na hali ya biashara. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mapema anapoanza kulifikiria jambo hilo, aweke wazi taarifa zinazohusika, kisha ashauriane na chama au wafanyakazi kuhusu sababu, njia za kuliepuka, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda, na malipo. Sentensi ya kwenye barua haifuti hayo. Shida ni kwenye namna ya kuchagua. Muda wa utumishi ni kigezo kinachotumika sana, na aliyeingia mwisho ndiye anayetangulia kutoka. Kiwandani shemeji alikuwa katikati ya foleni. Kurasini atakuwa mkiani.

Ndiyo maana nilimwambia aulize kama kuna mkataba wa hali bora kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi, na kama upo aombe kuona ukurasa wa upunguzaji. Huko ndiko hukutwa malipo yanayozidi zile siku 7. Aulize pia nafasi hiyo ilikuwa ya nani na kwa nini ameondoka, na ghala linategemea wateja wangapi. Haya hayamo kwenye barua yoyote, ila yanasema mengi kuhusu lini ile sentensi moja itatumika.

Kitu kidogo cha mwisho, kwa wanaotoka mkoani: angalia palipoandikwa mahali ulipoajiriwa. Ukisailiwa ukiwa Mwanza na barua ikasema umeajiriwa Dar es Salaam, siku ya kuachishwa gharama ya kukurudisha Mwanza itakuwa mzigo wako.

Jumatatu aliandika barua pepe yenye maombi manne, bila maneno makali. Wakajibu Alhamisi. Saa 24 zilifutwa bila mjadala. Msingi ulipandishwa hadi 800,000 na posho zikawa 400,000, jambo ambalo halikuongeza hata shilingi kwenye jumla yao. Matazamio yalishuka hadi miezi 3. Kipengele cha 9 kiligoma: waliongeza "kwa sababu halali itakayotolewa kwa maandishi", lakini mwezi mmoja wa notisi ukabaki. Kuhusu wateja, afisa wao alimwambia kwa simu kwamba ni wawili, na mmoja mkataba wake unaisha Juni.

Shemeji alikaa na taarifa hiyo ya Juni siku mbili. Kisha alisaini, akasubiri nakala iliyosainiwa na upande wa pili imfikie mkononi, na ndipo alipopeleka kiwandani notisi yake ya siku 28.