Kiwango cha YouTube Data API hakirudi saa sita usiku

Ukurasa wangu wa video za taarabu, hapa Unguja, ukizima kila jioni kwa kosa la 403 `quotaExceeded`. Na watu mia tu wamepita! Kumbe hayahesabiwi maombi, huhesabiwa yuniti: 10,000 kwa siku, na `search.list` moja hula 100. Ukifungua ukurasa wa pili wa matokeo, 100 nyengine. Sasa nasoma orodha ya video za chaneli kwa `playlistItems.list`: yuniti 1 huleta hadi video 50.

Matumizi yatazame Google Cloud Console, sehemu ya Quotas. Wala usikeshe: hesabu huanza upya saa sita usiku ya Pasifiki, kwetu saa 4 asubuhi, au saa 5 Marekani wakirudisha saa nyuma.